Kiingilio, mrabaha na miaka sita: je, mgahawa huu unalipa?

"Mimi na mume wangu tuko Mwanza. Kampuni moja ya Nairobi inayouza kuku wa kukaanga inatupa nafasi ya kufungua tawi kwa franchaizi. Kiingilio ni milioni 45, vifaa na ukarabati wa duka milioni 95, mtaji wa kuendeshea milioni 10, jumla milioni 150. Kila mwaka tutawalipa mrabaha wa asilimia 7 ya mauzo. Mkataba ni miaka 6, unaweza kuongezwa kwa kulipa ada mpya. Karatasi yao inaonyesha mauzo ya milioni 240 kwa mwaka na faida ya milioni 43.2. Nimezidisha mara sita nikapata milioni 259. Nikitoa mtaji tunabaki na 109. Tuna milioni 90 za kiinua mgongo cha mume wangu, 60 tutakopa. Mimi nitaacha kazi nisimamie duka. Mshahara wangu mkononi ni laki 9 kwa mwezi. Tumeshalipa milioni 3 za kushikilia eneo, haturudishiwi hata tusiposaini. Shemeji yangu mhasibu anasema nipige hesabu ya thamani ya leo, lakini hakunielewesha. Tusaini?"

Dada, kwa masharti uliyoandika, msisaini. Sisemi kwamba biashara ya kuku ni mbaya, wala simwiti mwenye chapa tapeli. Ninachosema ni kwamba karatasi waliyokupa inajibu swali moja, na wewe umeiuliza swali lingine. Inaonyesha duka linaingiza nini likishasimama vizuri. Haionyeshi kama milioni 150 zako zitarudi, na kukulipa kwa kuzisubiri, kabla mkataba haujaisha. Tuipige hesabu polepole, na mwisho nitakwambia masharti gani yakibadilika nami nitabadilisha jibu.

Tuanze na hiyo thamani ya leo. Mtu akikuahidi milioni 43.2 mwakani, leo ungekubali kumpa kiasi gani ili uipate ahadi hiyo? Milioni 43.2 kamili usingempa, kwa sababu fedha yako ingeweza kufanya kazi mahali pengine mwaka huo mzima. Kama ungeweza kuizalisha asilimia 18 kwa mwaka, unagawanya 43.2 kwa 1.18, unapata kama milioni 36.6. Ahadi ya mwaka wa pili unaigawanya kwa 1.18 mara mbili, ya tatu mara tatu, na kuendelea. Ukifika mwaka wa sita, milioni 43.2 ileile ina thamani ya milioni 16 tu leo. Hesabu yote ya mtiririko wa fedha uliopunguzwa ndiyo hiyo: kila fedha inayoingia unairudisha kwenye thamani ya leo kulingana na miaka utakayoisubiri, unajumlisha, kisha unatoa kile unacholipa leo.

Sasa fanya hivyo kwa milioni 43.2 za miaka yote sita, bila kugusa tarakimu yoyote ya karatasi yao. Jumla inakuja milioni 151. Toa mtaji wa 150, inabaki milioni 1. Zile 109 ulizoziona hazikuibwa na mtu. Sehemu kubwa ilikuwa malipo ya kusubiri, na malipo hayo ungeyapata popote ambapo ungeweka fedha yako kwa asilimia 18.

Utaniuliza asilimia 18 nimeitoa wapi. Kiwango cha punguzo ni kile ambacho fedha yako ingezaa mahali pengine penye hatari inayofanana. Mtu aliyenunua hati fungani ya Serikali ya miaka 25 mwaka 2021 alipata kuponi ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na huyo hakaangi kuku wala haamki usiku kuangalia kama jokofu limezima. Viwango hivyo hupanda na kushuka, kwa hiyo tazama vya mnada wa karibuni kabla hujapiga hesabu yako. Ila duka moja, la chapa ambayo Mwanza bado haijazoeleka, lina hatari kubwa kuliko Serikali. Kusema kweli hapo nimekupendelea. Wengi tunaofanya kazi hii tungetumia 20 au zaidi, na kila unapoongeza kiwango, miaka ya mwisho ya mkataba inazidi kupoteza uzito.

Ungeishia hapo ungesema, basi, angalau haturudi nyuma. Tatizo ni kwamba milioni 43.2 zenyewe si zenu zote. Karatasi yao, kama nilivyoirudia kutoka kwenye viambatisho ulivyotuma, inasema hivi: mauzo 240, malighafi na vifungashio asilimia 45 yaani 108, kodi ya pango 24, mishahara 30, umeme, gesi, maji na mengineyo 18, mrabaha 16.8. Inabaki 43.2. Kujumlisha wamejumlisha sawa. Walichokiacha ni mambo matatu.

La kwanza ni mwaka wa mwanzo. Hakuna mgahawa unaofungua mlango na kuuza kama uliozoeleka. Tuseme mwaka wa kwanza mtauza robo pungufu, milioni 180. Malighafi itapungua pamoja na mauzo, mrabaha nao utapungua, lakini mwenye nyumba atataka 24 zake, wafanyakazi 30 zao, na bili ya umeme haitajali sana. Ukipiga hesabu, faida inashuka kutoka 43.2 hadi 14.4. Mauzo yamepungua robo, faida imepungua theluthi mbili. Na mwaka huo ndio ulio karibu na leo, yaani ndio wenye uzito mkubwa kuliko yote kwenye hesabu ya thamani ya leo. Ukikosea hapo umekosea pabaya.

La pili ni wewe mwenyewe. Kwenye ile milioni 30 ya mishahara hamna meneja, maana meneja ndiye wewe. Ukiacha kazi unapoteza laki 9 kila mwezi, milioni 10.8 kwa mwaka. Hiyo ni gharama ya duka hata kama hakuna atakayekuandikia hundi. Ukiiacha nje, utakuwa unaita faida ya mtaji kitu ambacho ni mshahara wako. Watu wengi wananunua ajira kwa milioni 150 wakidhani wamenunua biashara, na huwa wanaligundua hilo siku wanapotaka kumweka mtu mwingine asimamie.

La tatu limejificha kwenye kifungu cha malipo cha rasimu uliyonitumia, na nadhani hata shemeji hakuliona. Limeandikwa kwamba kiingilio na mrabaha vitalipwa "bila kupungua kwa kodi yoyote". Tanzania, mrabaha unaomlipa mtu wa nje unakatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, na kiingilio cha kutumia jina na mfumo wa mtu huhesabiwa kwenye kundi hilohilo. Kwa kawaida wewe unakata 15, unaipeleka Mamlaka ya Mapato, na mwenye chapa anapokea 85. Kodi ni yake, wewe ni mkusanyaji tu. Lakini kifungu kile kinasema yeye lazima apokee kamili. Maana yake ili apate 85 kila penye 85, wewe unatoa 100. Kiingilio cha 45 unakigawanya kwa 0.85, kinakuwa karibu 53. Mrabaha wa 16.8 unakuwa 19.8. Kwa hiyo mrabaha wenu si asilimia 7, ni 8.2.

Na mkiwa hapo, tazameni pia neno "mauzo" limefafanuliwaje. Likiwa ni mauzo pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, mnalipa mrabaha juu ya fedha ambayo si yenu kabisa, na asilimia 7 inageuka 8.26 hata kabla ya hiyo kodi ya zuio. Katika rasimu yenu limeandikwa vizuri, mauzo bila kodi, lakini nimeona mikataba ambayo haikuwa hivyo.

Tuweke sasa kila kitu mahali pake. Ili niwatendee haki, mwaka wa pili nimechukua mauzo ya 240 ya karatasi yao, na baada yake nimeacha mauzo na gharama zote zikue kwa asilimia 4 kila mwaka. Hili watu hulisahau: kiwango cha asilimia 18 kimeshabeba mfumuko wa bei ndani yake, kwa hiyo fedha zinazoingia nazo lazima zikue na bei, la sivyo unajionea. Mfumuko wa bei Tanzania miaka ya karibuni umekuwa kati ya asilimia 3 na 5, ndiyo maana nikachukua 4. Baada ya mshahara wako na ile kodi, fedha zinazobaki kwa mwaka, kwa mamilioni, ni hizi: 1.4 mwaka wa kwanza, kisha 29.4, 30.6, 31.8, 33.1 na 34.4 mwaka wa sita. Mwaka huo wa mwisho ongeza 18: mtaji wa kuendeshea 10 unarudi mkifunga, na vifaa vikiuzwa kwa mtumba tuseme mpate 8. Bango, rangi za ukutani na viti vilivyochorwa nembo havina mnunuzi.

Kwenye Eksel, andika mtaji kama namba hasi kwenye B1, na miaka sita kuanzia B2 hadi B7, kisha:

```
=B1+NPV(0.18,B2:B7)
```

B1 ibaki nje ya mabano. Fomula hiyo huchukulia kwamba namba ya kwanza iliyo ndani inaingia baada ya mwaka mmoja, kwa hiyo ukiiweka B1 ndani, mtaji wako nao utapunguzwa thamani kana kwamba unaulipa mwakani, na kila kinachotoka kitakuwa si sahihi. Ni kosa la kawaida sana, hata maofisini.

Fedha za miaka sita zinakuja karibu milioni 91 kwa thamani ya leo. Mnachotoa leo ni 150 pamoja na karibu 8 za kodi juu ya kiingilio, yaani 158. Pengo ni milioni 67. Sijagusa kodi ya mapato bado. Kwa kiwango hiki cha faida haitakuwa kubwa, kwa sababu hasara ambayo hesabu ya kodi itaonyesha mwaka wa kwanza inabebwa mbele, vifaa vinakatwa uchakavu, na kiingilio nacho kinagawanywa kwa miaka ya mkataba. Kwenye kikokotoo cha kodi hakiondoki chote mwaka wa kwanza, hata kama mfukoni kimetoka chote siku moja.

Zile milioni 3 mlizolipa kushikilia eneo sijaziweka popote, na wala si kwamba nimesahau. Msaini msisaini, zimeshakwenda. Maji yakimwagika hayazoleki. Ninalitaja kwa sababu barua yako inanionyesha kwamba zinakuuma, na nisingependa milioni 3 ziwavute kwenye milioni 158.

Kuhusu mkopo, usiuchanganye na hesabu ya juu. Ukipunguza thamani kwa asilimia 18 halafu ukatoa tena riba ya benki, umelipia fedha mara mbili. Duka linalipa au halilipi, bila kujali fedha zimetoka kwenye kiinua mgongo au benki. Mkopo una hesabu yake ya pembeni: je, kila mwaka mtakuwa na fedha ya kurejesha? Milioni 60 kwa miaka minne, riba asilimia 18, ni rejesho la karibu milioni 22 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza duka linabakiza 1.4, na hata ukijinyima mshahara wako wote ni 12. Milioni 10 zinazopungua zitatoka wapi? Kwa kawaida zinatoka kwenye mtaji wa kuendeshea: mnanunua kuku wachache, jioni chakula kinaisha mapema, wateja wanaacha kuja. Duka likifika hapo, hata namba nzuri za mwaka wa pili huwa haziji.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote hayo. Swali la kama mgahawa unalipa halitoshi. Mnaponunua franchaizi hamnunui mgahawa, mnanunua tofauti kati ya mgahawa wenye jina lile na mgahawa uleule wenye jina lenu. Kuku mnaweza kukaanga bila ruhusa ya Nairobi. Kwa hiyo kiingilio na mrabaha vinatakiwa kujilipa kutokana na wateja ambao jina limewaleta, wale ambao wasingekuja kwa "Mama Fulani Chips".

Hesabu yake si ngumu. Kwa duka lenu wenyewe, kila shilingi 100 ya mauzo mkitoa malighafi inabaki 55 ya kulipia pango, mishahara na faida. Chini ya franchaizi, mrabaha na kodi yake vikitoka, inabaki 46.8. Kwa hiyo ili tu mrudi mlipokuwa, jina lazima liongeze mauzo kwa karibu asilimia 18. Kisha kuna kiingilio, 53 pamoja na kodi. Ili kirudi ndani ya miaka sita kwa asilimia 18, kinahitaji milioni 15 kila mwaka, na kwa 46.8 kwenye kila 100, hiyo ni mauzo ya ziada ya milioni 32. Tuseme duka lenu la jina lenu lingeuza 180 kwa mwaka. Asilimia 18 zinaifikisha 212, ongeza 32, ni 244. Jina lazima lilete zaidi ya theluthi moja ya mauzo juu ya yale mngeyapata wenyewe, ndipo mtakuwa sawasawa tu na mtu ambaye hakulinunua.

Sisemi jina haliwezi. Kwenye barabara kuu ya mji ambao watu wameliona jina hilo kwenye matangazo na safarini, linaweza. Chapa nzuri pia inakupa vitu ambavyo hesabu hii haivioni vizuri: mafunzo ya wapishi, vipimo vya viungo ambavyo mtu ameshavikosea kwa gharama yake, na mwaka wa kwanza usiolegea sana. Kama kwa jina lenu mngehitaji miaka miwili kuzoeleka, na kwa jina lao mnahitaji miezi sita, hiyo ina thamani kubwa kwa sababu inaingia kwenye miaka ya karibu. Lakini iulizeni iwe kwa namba. Chapa isiyojulikana Mwanza inawauzia mfumo, haiwauzii wateja, na mfumo mtupu haustahili bei ya wateja.

Upande mwingine wa mizani ni muda. Duka la jina lenu mwaka wa saba bado ni lenu. La franchaizi, mwaka wa saba mnaanza kuomba. Rasimu inasema mkataba "unaweza" kuongezwa kwa ada itakayopangwa wakati huo. Fikiria nani atakuwa na nguvu kwenye meza hiyo. Duka likiwa limekufa, hamtataka kuongeza. Likiwa linastawi, mwenye chapa anajua mauzo yenu hadi shilingi ya mwisho, kwa sababu kila ripoti mmempa ninyi, na atapanga ada kulingana na mnachoogopa kupoteza. Kifungu cha kutofanya biashara inayofanana kwa miaka miwili baada ya mkataba kinawafunga hata kubandua bango na kuendelea kuuza kuku palepale. Ndiyo maana kwenye hesabu yangu sikuweka thamani yoyote baada ya mwaka wa sita zaidi ya vifaa vya mtumba. Haki msiyoimiliki msiihesabu.

Nini basi kingebadilisha jibu langu? Nimejaribu vitu viwili kwenye hesabu ileile. Kifungu cha kodi kikirekebishwa, kila mtu abebe kodi yake, pengo linapungua kwa milioni 18. Ni mstari mmoja wa maneno, na kwa uzoefu wangu ndio mwenye chapa hulegeza mapema, kwa sababu mara nyingi mwanasheria wake aliunakili tu kutoka mkataba wa nchi nyingine. Muda ukiwa miaka kumi badala ya sita, kwa kiingilio kilekile, pengo linapungua kwa milioni 34 hivi, ingawa katikati hapo mtalazimika kukarabati duka, kwa hiyo usiihesabu yote. Mkipata vyote viwili, pengo la 67 linabaki kama 10, kwa sababu nafuu ya kodi nayo inaendelea kwa miaka minne ya ziada. Hapo tunaanza kuzungumza biashara. Mrabaha mdogo wa mwaka wa kwanza, au kiingilio kinacholipwa nusu sasa na nusu mwaka wa tatu, vinaweza kumalizia sehemu kubwa ya kilichobaki, na ada ya kuongeza mkataba iandikwe sasa kwa kiasi au kwa fomula.

Wasipokubali kugusa chochote, basi kilichobaki ni mauzo. Kwa masharti yaliyopo duka lingehitaji kuuza karibu milioni 281 kwa mwaka, badala ya 240, ili tu lifikie sifuri, na ukiweka kodi ya mapato ni karibu 300. Namba hizo kwenye karatasi hazina harufu, kwa hiyo nizigeuze kuwa watu. Kama wastani wa bili ni shilingi 12,000 ukishaondoa kodi ya ongezeko la thamani, karatasi yao inadhani wateja 55 wanaolipa kila siku, Jumatatu ya mvua ikiwemo. Ninyi, kwa mauzo ya 300, mnahitaji karibu 69.

Kabla ya chochote kingine, waombeni orodha ya matawi yote ya franchaizi waliyowahi kufungua, yaliyofungwa, na yaliyouzwa kwa mtu mwingine, pamoja na njia ya kuwasiliana na waliokuwa wakiyaendesha. Hapa Tanzania hatuna sheria mahususi ya franchaizi inayomlazimisha mwenye chapa kuwapa taarifa hizo. Marekani anayeuza franchaizi lazima ampe mnunuzi waraka wa taarifa siku 14 kabla ya kusaini, na ndani yake yamo matawi yaliyofungwa. Afrika Kusini nao, chini ya sheria ya kumlinda mlaji ya mwaka 2008, mnunuzi ana siku 10 za kazi za kubadilisha mawazo baada ya kusaini bila kutozwa adhabu. Ninyi hamna siku hata moja, kwa hiyo mjitengenezee zenu kabla ya kalamu. Mwenye chapa anayejiamini hatakataa. Akikataa, au akitaja tawi moja tu linalofanya vizuri, mmeshapata jibu.

Kwenye hatua mbili msitegemee barua yangu. Mkataba usomwe na mwanasheria wa mikataba ya biashara, hasa vifungu vya kodi, kuongeza muda, kutofanya biashara inayofanana, na ni kutoka kwa nani mnalazimika kununua unga na viungo. Mwenye chapa anaweza kupunguza mrabaha kwa mkono mmoja na kupandisha bei ya viungo kwa mwingine, na hilo litaonekana kwenye ile asilimia 45, si kwenye ile 7. Na suala la kodi ya zuio mlipeleke kwa mhasibu aliyesajiliwa na Bodi ya Wahasibu, awaandikie maoni kwa maandishi, kwa sababu mkikosea kuikata, Mamlaka ya Mapato itawadai ninyi pamoja na riba, wala haitakwenda Nairobi.

Kisha wewe na mume wako mpande basi hadi kwenye tawi lao lililo kwenye mji unaofanana na Mwanza kwa ukubwa, si la mji mkuu ambalo watataka kuwaonyesha. Kaeni upande wa pili wa barabara Jumanne moja na Jumamosi moja, tangu wanapofungua hadi wanapofunga, na mhesabu wanaotoka na mfuko mkononi. Halafu niandikie namba hiyo.